Kutoka inboksi mpaka uani kwa watu: nilivyojifunza kumwomba mteja simu

Stoo kwangu Kisaasi kuna kitambaa cha rangi ya pichi, mita 80, hakijawahi kutundikwa popote. Nilikinunua mwaka 2024 kwa shilingi 12,000 kila mita, jumla 960,000 za Uganda, kwa ajili ya bi harusi ambaye sikuwahi hata kuisikia sauti yake. Mume wangu akiingia stoo kutafuta spana hukitazama, kisha hunitazama mimi, halafu anatoka bila neno.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, nimeolewa Kampala, na kazi yangu ni mapambo ya sherehe, hasa kwanjula, ile siku bwana harusi anapopelekwa kutambulishwa kwa wakwe. Wateja wangu wengi wananipata Instagram, na kwa kuwa maelezo yangu nimeyaandika kwa Kiswahili, wanaonifuata ni Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Nsambya na Katwe, na Waganda waliosoma Kenya au waliolelewa kambini kwa baba zao wanajeshi. Kupata watu wa kuniandikia halijawahi kuwa tatizo langu. Wanaandika sana, tunacheka, wananitumia mioyo. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kuyatoa mazungumzo hayo kwenye simu ya kiganjani yakafika kwenye uwanja wa nyumbani kwao, mahali ambapo mahema husimama na pesa hutoka.

Huyo wa pichi tuliandikiana wiki tatu. Asubuhi salamu, jioni picha. Alinitumia gomesi atakayovaa, nikamtumia viti, akaniambia mama yake ana presha, nikamwombea dua. Ilifika mahali nikamwona kama mdogo wangu. Siku aliponiambia "rangi ni pichi, sina mjadala", nilishuka mjini nikanunua kitambaa, nikiogopa kwamba Desemba kitapanda bei. Kisha nikamtumia karatasi ya bei, kurasa mbili, imepangwa vizuri. Alijibu, "Asante dada, ngoja niongee na watu wangu." Hilo ndilo neno lake la mwisho. Miezi miwili baadaye niliona picha za sherehe yake kwa mtu mwingine. Mapambo yalikuwa ya pichi.

Nilikasirika naye kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Baadaye nilirudi kusoma maongezi yetu yote, tangu ujumbe wa kwanza, nikakuta kwamba katika wiki tatu sikuwahi kumuuliza sherehe ni tarehe ngapi hasa, ni wapi, wala hao "watu wangu" ni kina nani. Nilijua presha ya mama yake lakini sikujua nani analipa. Na sikuwahi kumwomba simu, kwa sababu moja tu: mambo yalikuwa matamu na niliogopa kuyaharibu. Nilidhani kuomba simu ni kumkaba mtu shati.

Basi nikageukia upande wa pili, nikaharibu zaidi. Mteja aliyefuata, mama mmoja wa Ntinda, alipoandika ujumbe wa tano tu nilibonyeza kumpigia, bila kumwambia. Tena kidole kikagusa alama ya video. Alikuwa ofisini, kwenye kikao, simu iko mezani mbele ya watu, na simu ya video ikaanza kuita pale, mimi nikiwa na kilemba cha nyumbani. Hakupokea. Aliandika, "Nyabo, nani amekwambia upige?" Nikaomba radhi, nikaeleza, haikusaidia. Mtu anayekuandikia kwa maandishi amechagua maandishi kwa sababu yake: yuko kazini, yuko kwenye taksi, amelala karibu na mwenzake, au hataki bado sauti yake ijulikane. Ukimpigia ghafla umempokonya uchaguzi huo.

Baada ya hao wawili ndipo nilipoanza kutofautisha ukarimu wa mtu na nia yake. Mioyo, "waooh", "mikono yako ibarikiwe", hizo ni salamu, hata zikiwa 100. Nia huonekana kwenye mambo makavu zaidi. Mtu anataja tarehe. Anataja mahali, "nyumbani ni Mukono, mnafika?" Au anamtaja mtu wa tatu: "nitamuonyesha kaka", "senga atapenda?", senga akiwa ni shangazi yake. Siku hizi nikiona mawili kati ya hayo matatu ndipo naomba simu, na nikiona moja naendelea kujibu kwa maandishi huku nikiuliza lile la pili taratibu. Hakuna idadi ya siku. Kuna aliyenitajia tarehe na mahali kwenye ujumbe wa kwanza, tukaongea jioni ileile. Kuna wa mwezi mzima.

Niwape mfano wa dada mmoja wa Mukono, mwaka jana, maana kwake nilifanya mengi sawa na mengine nikakosea, na makosa yale yana faida kuyajua.

Aliniandikia Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025. Alianza na picha yangu mwenyewe, jukwaa la majani makavu, akauliza kama naweza kufanya hivyo kwa rangi nyingine. Tukaenda hivyo siku tatu. Ijumaa akasema, "Yetu ni tarehe 13 Desemba, kwa wazazi wangu Mukono." Tarehe na mahali, pamoja. Desemba kwa kazi yetu ndiyo mwezi wa kugombania mahema, na tarehe 13 ilikuwa Jumamosi. Nikajua kuchelewa kwa wiki moja kunaweza kumpa mtu mwingine Jumamosi ile. Kabla sijamjibu akaongeza swali la kila mtu: "Bei gani?"

Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Wanaficha bei, wanajibu "piga simu" au "njoo inboksi" hata mtu akiwa tayari yuko inboksi. Wanaamini bei ndiyo chambo cha kumvuta kwenye simu. Mimi naona mteja anaisoma kama dalili kwamba utampima uso kabla ya kumtajia. Nilimpa kiwango kwa maandishi palepale: kazi zangu za wageni 200 hadi 300 huwa kati ya milioni 4 na milioni 7. Kama hana hata 4, ataniambia au atanyamaza, na sote tumeokoa muda. Kilichobaki, yaani yeye yuko wapi kati ya 4 na 7, ndicho kinachohitaji sauti. Nikamwandikia hivi, na maneno haya nimeyahifadhi hadi leo kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, nabadilisha kidogo tu:

"Dada, ili nisikutajie bei ya kubahatisha kuna mambo matatu nahitaji kuyajua: uwanja ukoje, wageni wangapi kila upande, na mahema nani analeta. Kwa simu ni dakika 15, kwa kuandika tutamaliza wiki. Jumapili saa mbili usiku au Jumatatu mchana saa saba, lipi linakufaa? Mimi ndiye nitakayepiga. Nikupigie kwenye namba gani?"

Tazama kilichomo. Sababu ni yake, si yangu. Sikuandika "tuongee zaidi", maana hakuna mtu anayetaka kuongea zaidi. Urefu umetajwa, ajue simu haitamla jioni nzima. Nyakati ni mbili, achague, maana nikimuuliza "lini una nafasi?" nimempa kazi ya kufikiria na ataiahirisha. Na gharama ya simu ni yangu. Hapa watu wanahesabu dakika zao, wengi wanajiunga vifurushi vidogo vya siku, na mtu anaweza kukataa simu kwa aibu ya kutokuwa na salio tu.

Swali la namba nalo lina adabu yake. Zamani nilikuwa natupa namba yangu: "hii hapa, nipigie ukipata nafasi." Katika wateja kumi labda mmoja alipiga. Nikiuliza nimpigie kwenye namba ipi, anaandika tarakimu kumi na kazi imekwisha. Wachache wanasita, wengi wao wanawake, na wana haki. Kwao natuma sauti fupi ya sekunde 20 kwanza, wasikie ni mama mwenzao anayeongea, halafu nawaachia namba yangu. Siwabani.

Jambo jingine ni simu ya aina gani. Kuna wateja wanaonipata Facebook, ambayo hapa Uganda imezuiwa tangu Januari 2021, kwa hiyo wanaingia kwa VPN. Ukijaribu kuongea nao kwa simu ya ndani ya Messenger sauti inakatika, inarudi, inakuwa kama mtu aliye ndani ya pipa, na mazungumzo ya pesa hayawezi kufanyika hivyo. Nawahamishia kwenye laini ya kawaida. Instagram inafunguka bila shida, lakini hata huko natumia laini ya kawaida, kwa sababu wengi wana Truecaller na jina la biashara yangu linatokea kabla hawajapokea. Nililiweka mwenyewe. Kabla ya hapo lilikuwa linatokea jina alilonihifadhia mtu fulani, "Mama Viti", na sijui ni nani.

Na saa. Jamani, saa. Yule dada alichagua Jumapili saa mbili usiku na nikaliandika kwa maneno, si kwa tarakimu, kwa sababu mwaka wa nyuma nilimwandikia mteja "nitakupigia saa 8", nikimaanisha saa nane mchana, yeye akasoma kwa Kiingereza akanisubiri saa mbili usiku. Nilipompigia mchana alikuwa saluni chini ya kikaushio. Kiluganda kinahesabu saa kama sisi, ndiyo maana mtego hauonekani: ukisema kwa mdomo mnaelewana, ukiandika tarakimu kila mtu anasoma kwa lugha aliyozoea kuandikia.

Jumapili mchana nikamkumbusha kwa mstari mmoja: "Leo saa mbili usiku, dakika 15, nitapiga kutoka namba hii." Saa mbili na dakika moja nikapiga.

"Nyabo, habari za jioni. Ni mimi wa mapambo. Bado ni muda mzuri?"

"Ni sawa dada, nimetoka nje kidogo, ndani watoto wana kelele."

Nikamrudishia aliyoniambia kwenye maandishi: tarehe 13, Mukono, majani makavu lakini kwa dhahabu badala ya kahawia. Hii ni ndogo lakini inafanya kazi kubwa, maana mtu anayetoka kwenye maandishi kwenda kwenye sauti huogopa kwamba ataanza upya. Kisha nikauliza matatu yangu. Wageni 300, 150 kila upande. Mahema nilete mimi. Uwanja, akasema, "ni mkubwa tu."

Swali la nne sikuliandika kwenye ujumbe, kwa sababu likiandikwa linaonekana baya. Kwa sauti, taratibu, linapita: "Na mbali na wewe, nani mwingine angependa kuyasikia haya kabla hatujakubaliana?" Akacheka. Akasema senga ndiye anayeamua mambo ya uwanja, na kaka yake wa London ndiye anayelipa. Dakika ya tisa nikawa najua kitu ambacho kwa yule wa pichi sikukijua kwa wiki tatu: inboksi nilikuwa naongea na mtu mwenye ladha, ila uamuzi uko kwa senga na mfuko uko kwa kaka.

Sikumuuzia chochote kwenye simu ile. Simu ya kwanza naipa kazi moja tu, kupata siku ya kwenda kuona uwanja. Nilimwomba Jumamosi tarehe 18, na nikaomba senga awepo. Tulikata kwenye dakika ya 14. Alipotaka kuendelea kuongelea maua nikamwambia nimeahidi dakika 15, yaliyobaki tutayaona kwa macho. Nadhani hapo ndipo aliponiamini.

Mukono ni kilomita 20 na kitu kutoka Kampala, lakini Jumamosi kwa barabara ya Jinja, ukifika Kireka na Bweyogerere, kilomita hazihesabiwi. Niliondoka saa moja asubuhi. Nauli, boda ya mwisho, na chai, vilinila shilingi 35,000, na siku yangu. Naisema hesabu hii kwa sababu kuna anayeanza kazi atakayesafiri kwa kila aliyemtumia moyo. Kutembelea ni ghali. Ni kwa aliyekwisha taja tarehe, mahali na watu.

"Uwanja ni mkubwa tu." Kweli ulikuwa mkubwa, ila katikati palikuwa na mfenesi, na ardhi ilikuwa inashuka kuelekea shamba la migomba. Kwa kwanjula mahema hukaa yakitazamana, wakwe upande huu, wageni wa bwana harusi upande ule, na katikati ni uwanja ambapo wasemaji husimama na mabinti hupiga magoti kusalimia. Mfenesi ulikuwa umesimama palepale wasemaji wanapotakiwa kuwa. Hakuna picha aliyonitumia iliyouonyesha, kwa sababu yeye amekua akiuona kila siku na hauoni tena. Upande wa mteremko hema la watu 100 lisingekaa sawa, ingebidi mawili ya watu 50, kila moja kwa kiwango chake. Kama ningetoa bei inboksi, ningetoa bei ya uwanja tambarare usio na mti, kisha Desemba nikaongeza, na tungegombana mbele ya wakwe.

Senga alikuja na kitenge na daftari. Hakujali majani makavu hata kidogo. Alisimama mahali pa jukwaa akauliza, "Huyu akikaa hapa anawapa nani mgongo?" Nikaangalia. Jukwaa alilolichora bi harusi lingewapa mgongo wazee wa ukoo. Tukaligeuza. Kisha akauliza mikeka: mabinti wangapi watapiga magoti, kwa muda gani, na magoti yao nimeyafikiria? Sikuwa nimeyafikiria. Nikaandika mikeka 20 na zulia zito chini yake.

Bei niliitaja pale pale, chini ya mfenesi, baada ya kupitia kila kitu kwa mdomo: milioni 6 na laki 2. Zamani nilikuwa nikitaja bei halafu naendelea kusema, "lakini tunaweza kuongea", nikijipunguzia mwenyewe kabla mtu hajafungua kinywa. Safari hii nilifunga mdomo. Senga akasema, "Eh!" Kimya. Kuku akapita. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na kitu. Senga akauliza, "Mikeka imo?" Nikasema imo. Akaandika kwenye daftari.

Bi harusi akataka nimtumie bei kwa maandishi amrushie kaka. Nilikataa, kwa upole. Bei inayorushwa kwa mtu ambaye hakuwepo hufika ikiwa uchi. Yeye anaona 6,200,000 tu, haoni mfenesi wala mteremko wala magoti ya mabinti. Nikaomba tumpigie pamoja, sisi watatu. Kaka akasema Jumapili tarehe 26, saa kumi na mbili jioni ya London, akitoka zamu. Dada akapiga hesabu ya saa mbili za tofauti, kama kawaida yao, tukapanga saa mbili usiku ya huku.

Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo Waingereza walirudisha saa zao nyuma. Hufanya hivyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tofauti yao na sisi huwa saa tatu mpaka mwisho wa Machi. Tukampigia akiwa bado kazini, mara tatu. Hakupokea. Saa tatu usiku kamili yeye akapiga, na mimi simu iko kwenye chaji sebuleni, naogesha mtoto. Asubuhi nikakuta simu nne na ujumbe: "Nyinyi mko makini kweli?"

Makosa yalikuwa yangu. Mwenye kuomba simu ndiye mwenye kulinda saa yake. Jumatatu nilimpigia peke yangu kwanza, nikaomba radhi bila kueleza habari za saa za Uingereza, kisha nikamwingiza dada. Kaka hakubishia bei. Alikuwa na maswali matatu: mvua ikinyesha itakuwaje, maana Desemba mwanzoni bado inaweza kunyesha, kitu kikikosekana atamshika nani, na pesa inaingia kwa jina la nani. La kwanza nilikuwa na jibu, kuta za plastiki za mahema na mifereji upande wa mteremko, tayari zimo kwenye bei. La pili nilimwambia senga ameniona na anapajua kwangu. La tatu likaniumbua.

Laini yangu ya pesa ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mume wangu, tangu nilipohamia hapa bila karatasi zangu kukamilika. Kaka alipojaribu kutuma, jina lililotokea ni la mwanaume asiyemjua. Akasimamisha, na simuilaumu. Mtu wa Instagram ambaye hujawahi kumwona, nusu ya milioni 6, na jina si lake: ndivyo watu wanavyoibiwa. Hapo joto lote la inboksi halikunisaidia kitu. Tulitatua kwa yeye kumtumia dada yake, na dada akaja na senga Kisaasi, wakaona stoo, viti na lori, wakanikabidhi 3,100,000 mkononi, nikawapa risiti. Ilikuwa Jumanne, tarehe 28. Wiki iliyofuata nilikwenda na pasipoti nikasajili laini kwa jina langu. Siku hizi, kabla mtu hajatuma, namwambia mwenyewe: "Litatokea jina hili. Likitokea jingine usibonyeze."

Usiku uleule wa tarehe 28 nilimwandikia dada kila tulichokubaliana, nikarudi kulekule inboksi tulikoanzia: tarehe, mahema mangapi ya ukubwa gani, jukwaa linaelekea wapi, mikeka, kuta za mvua, pesa iliyoingia, na kwamba nusu ya pili inalipwa kabla vitu havijashuka kwenye lori. Nikamwomba ajibu "nimekubali". Alijibu hivyo na mioyo sita. Sauti ni nzuri kwa kufikia makubaliano, lakini kumbukumbu yake ni fupi. Desemba senga alipodai kwamba nilikubali mikeka 30, tulifungua ujumbe, tukasoma 20, tukacheka, nikaongeza mitano kwa heshima yake.

Kazi ilifanyika. Mvua haikunyesha. Nusu ya pili haikuja yote: laki 4 zilibaki mpaka Januari na ilinibidi nipige simu tano. Sheria yangu ya kutoshusha vitu kabla ya malipo niliivunja mwenyewe asubuhi ile, nilipoona mama yake bi harusi amekwisha vaa gomesi. Sijui kama ningeweza kufanya vinginevyo.

Kitambaa cha pichi bado kipo. Wiki iliyopita msichana mmoja wa Entebbe ameanza kuniandikia, na jana usiku amesema anapenda rangi ya pichi. Nilikaribia kumtumia picha ya stoo. Badala yake nimemuuliza kama sherehe itakuwa nyumbani au ukumbini. Amejibu kwa moyo mmoja na kicheko. Namba yake sijamwomba. Nasubiri ataje tarehe.